Narudi kazini na bado nanyonyesha: nimwambie fundi nini kuhusu yunifomu?

mama_barani
Asalaam alaikum wana jukwaa. Niko Malindi, Barani. Likizo yangu ya uzazi inaisha mwisho wa mwezi na narudi kaunta, kazi ya kukaa mbele ya wateja kutwa. Yunifomu yetu ni blauzi ya pamba ya samawati mpauko, vifungo mbele, ya kuchomekea, na sketi ya bluu ya giza. Mtoto ananyonya vizuri na sitaki kumkatiza. Mamangu amekubali kuniletea kwa tuktuk saa saba mchana, na asubuhi nitakamua mara moja hukohuko kazini.

Shida ni nguo. Blauzi za zamani nikizifunga zinaachama kati ya kifungo na kifungo. Nikifungua vifungo ninyonyeshe, kifua chote kiko nje. Nikiichomoa na kuipandisha, tumbo lote liko nje, na mie nilijifungua kwa upasuaji, sipendi kitu kinachonisugua kule chini. Halafu kuna kuvuja. Kwenye samawati ile tone moja linaonekana toka mlangoni. Rangi ya yunifomu hawabadilishi, lakini wamesema mshono naweza kurekebisha. Ninazo blauzi tatu na mpya hazitolewi karibuni. Nimwambie fundi nini hasa?

shela_kwetu
Shoga, usijichoshe. Dera tu. Shingo pana, unavuta pembeni mtoto ananyonya, tumbo limefichika, hewa inaingia. Nimelea watoto wote kwa dera na hakuna nguo iliyonipa raha kama hiyo.

mama_barani
Dera nyumbani ndilo ninalovaa, dada. Kaunta hawanikubalii.

baba_mapacha
Kama mtoto anakataa chupa, anza kumzoesha kidogokidogo kabla hujarudi, na ampe mtu mwingine, si wewe. Kwetu wa kwanza alikubali haraka, wa pili alitusumbua sana.

mama_barani
Ahsante kaka, ila chupa si shida kwa sasa. Naulizia nguo.

fundi_soko_la_zamani
Dada, kabla ya zipu, kabla ya kifungo, tuanze na pimo, maana hapo ndipo nguo nyingi za wanyonyeshaji zinapoharibika. Mama huja kwangu akiwa ametoka kumnyonyesha mtoto, kwa sababu ndipo mtoto ametulia na yeye amepata nafasi ya kutoka. Nampima, nashona, nguo inamkaa vizuri. Siku ya pili yuko kazini saa tano asubuhi, matiti yamejaa, na blauzi ileile inambana na vifungo vinaachama. Wengine hudhani fundi kakosea, kumbe kifua kilichopimwa sicho kilichovaa.

Basi jipime mara mbili. Mara moja ukiwa umetoka kunyonyesha, mara nyingine muda ambao mtoto amepitiliza kunyonya na wewe unasikia uzito. Vaa sidiria ileile utakayoivaa kazini, maana sidiria ya kunyonyesha na ya kawaida haziinui kifua mahali pamoja. Pitisha utepe kwenye chuchu, usiukaze. Kisha laza hiyo blauzi mezani, uifunge, upime kutoka chini ya kwapa hadi chini ya kwapa, uzidishe kwa mbili. Niletee hizo namba tatu hapa.

nesi_wa_zamu
Fundi kasema kweli, na mimi naongeza kwa upande wa afya. Nguo au sidiria inayobana sehemu moja ya titi kutwa nzima inaweza kuzuia maziwa yasitoke vizuri upande huo. Ukigusa unakuta bonge gumu linalouma. Mara nyingi linaachia ukinyonyesha na kuondoa kile kilichobana. Lakini ngozi ikiwa nyekundu na ya moto, ukapata homa na mwili kuuma kama wa malaria, usikae nyumbani ukijikanda, nenda hospitali. Kwa hiyo nafasi ya kifua kwenye blauzi si urembo tu.

Kuhusu mshono wa upasuaji: kovu kwa kawaida liko chini kabisa, karibu na mstari wa chupi. Sketi inayokaa nyongani ndiyo inayolikera. Mkanda wa sketi ukae usawa wa kitovu au juu yake kidogo, mbele uwe bapa bila mpira, mpira utiwe nyuma peke yake.

mwl_kakuyuni
Mimi nilirudi darasani na nguo zangu za kawaida bila kupeleka kitu kwa fundi. Nilichukua vesti za pamba zinazovutika, nikavaa juu ya sidiria, nikatia alama kwa chaki ya ubao pale matiti yalipo, nikavua na kukata tundu mbili. Ndani ya blauzi unavaa ile vesti. Ukitaka kunyonyesha unapandisha blauzi tu, tumbo na ubavu vimefunikwa na vesti, titi linatoka kwenye tundu. Mtoto mwenyewe anafunika kilichobaki.

Ila kata tundu dogo kuliko unavyofikiri. Kitambaa kinachovutika ukishakikata kinajifungua chenyewe. La kwanza nililikata kama kiganja, likawa pana hadi sidiria yote inaonekana. Urefu wa vidole vinne unatosha.

mama_barani
Mwalimu, hiyo ya vesti nimeipenda kwa nguo za kutokea. Kazini naogopa joto, maana ni nguo mbili na feni yetu iko upande wa wateja. Na bado nitakuwa nachomoa na kuchomekea kila mara.

Fundi, namba hizi. Nikitoka kunyonyesha: 38. Nikiwa nimejaa: 40. Blauzi mezani ni 19 na nusu, kwa hiyo 39.

fundi_soko_la_zamani
Vizuri. Umeona sasa? Blauzi ni 39 na wewe ukijaa ni 40. Ungenijia na lile pimo la 38 tu ningekuambia inakutosha kwa shida.

Pamba haivutiki, kwa hiyo juu ya 40 tuweke inchi tatu za kupumua na kunyoosha mikono mezani. Tunataka 43. Tunayo 39. Zinapungua inchi nne, mbili kila upande wa mbele.

Mafundi wengi watakutilia kiraka ubavuni chini ya kwapa. Inchi utazipata, lakini mahali pasipo na haja. Kifua kitaendelea kuvuta vifungo huku kwapani nguo inaning'inia. Upana uongezwe pale kifua kilipo. Nifanyavyo ni hivi.

Napasua kila kipande cha mbele kwa wima, kutoka katikati ya bega hadi chini. Mkato upite kama inchi moja kutoka kwenye chuchu, kuelekea upande wa vifungo. Katika huo mpasuko naingiza ukanda wa kitambaa cha bluu ya giza kama cha sketi. Samawati ileile hutaipata sokoni, na ukipata iliyokaribia, tofauti itaonekana kama kiraka. Bluu ya sketi itaonekana kuwa imekusudiwa.

Upana wa ukanda ndio watu wanaokosea. Unataka inchi mbili za ziada, ukikata ukanda wa inchi mbili umekwisha. Ulipopasua blauzi, kila ukingo utamezwa nusu inchi na mshono, hiyo ni inchi moja imepotea. Kwa hiyo ukanda ukishashonwa uonekane inchi tatu, na kabla ya kushonwa ukatwe inchi nne. Begani hatutaki upana zaidi, la sivyo mabega yatadondoka. Pale uonekane inchi moja tu, yaani ukatwe inchi mbili, kisha upanuke taratibu hadi kufikia inchi tatu usawa wa kifua na kuteremka hivyohivyo mpaka chini. Chini nako tumbo limepata nafasi, na kwa kuwa unashuka wima hauonyeshi kuwa blauzi imepanuliwa.

Zipu ya kujificha inakaa kwenye mshono wa nje wa ukanda, ule wa upande wa kwapa. Kila upande zipu yake. Urefu inchi nane: tatu juu ya usawa wa chuchu, tano chini, maana titi hutolewa kwa kuinuliwa kutoka chini na mtoto naye anahitaji nafasi ya kidevu. Hata kikombe cha pampu kitapita. Vifungo vya mbele hufungui kabisa, blauzi huichomoi. Aliye mbele yako anaona blauzi iliyofungwa hadi shingoni.

Na utaona ukanda wa giza unapita juu ya chuchu hasa. Tone likitoka, linatokea kwenye bluu ya giza. Halitapotea kabisa, kitambaa chochote kikilowa hukolea, lakini si sawa na kwenye samawati.

mama_barani
Sikuwa nimefikiria hata kidogo kuwa upana, zipu na kuvuja vinaweza kumalizwa na ukanda mmoja. Zipu haitamkwaruza mtoto shavu?

fundi_soko_la_zamani
Itamkwaruza kama hujaikinga. Nyuma ya meno ya zipu weka kipande cha pamba laini upana wa inchi moja na nusu, kishonwe upande mmoja tu, upande wa ukanda, ili ukifungua kiende pamoja na nguo na kifunike meno. Kipande hichohicho kinazuia zipu isiume sidiria.

Na zipu iwe ya nailoni, kichwa chake pia usichukue kile cha chuma cha bei ya chini. Hapa pwani chumvi iko hewani. Ukichanganya na jasho na maziwa, chuma kinashika kutu na doa la kutu kwenye samawati halitoki.

Jambo la mwisho, zipu za kujificha kwenye pamba nyepesi hujikunja zikawa na mawimbi. Piga pasi utepe mwembamba wa kitambaa cha gundi kwenye ukingo kabla ya kushona zipu. Na kitambaa cha ukanda kilowekwe na kikauke kabla ya kukatwa. Blauzi zako zimefuliwa mara nyingi, zimeshamaliza kuruka. Kitambaa kipya bado.

zipu_na_uzi
Naungana na fundi isipokuwa hajasema kichwa cha zipu kikae wapi. Mimi hushona watu wangu huku Maweni na zipu naziweka kichwa chini zikiwa zimefungwa. Unafungua kwa kupandisha, unafunga kwa kushusha. Sababu ni mkono mmoja. Mkono mwingine umembeba mtoto. Ukifunga kwa kushusha, bega limeishikilia nguo juu, haikufuati. Ukifunga kwa kupandisha, nguo nzima inapanda na zipu.

mwl_kakuyuni
Mie ningependelea kinyume. Kichwa kikiwa chini, ukisahau kukifikisha mwisho, pengo linabaki chini ya titi na mtu aliyekaa karibu nawe ndiye analiona, wewe huoni. Kikiwa juu, unakigusa karibu na kwapa na kujua kimefungwa.

fundi_soko_la_zamani
Nimeshona kwa njia zote mbili. Blauzi ya kuchomekea imeshikiliwa na sketi, kwa hiyo haitapanda na zipu. Gauni la kuachia nalo ni jambo jingine. Dada ajaribu kwa mkono mmoja kabla sijashona moja kwa moja, tutabana kwa pini.

bi_mkubwa_mambrui
Mwanangu, mimi si wa zipu. Zamani tulikuwa na leso, unaitupia begani na mtoto yumo ndani, hakuna aliyejua kama ananyonya au amelala. Kama wajitanda mtandio kazini, uchukue ulio mrefu unaoshuka hadi kiunoni, wa voili, usiwe ule wa kuteleza. Mtoto huuvuta, ule unaoteleza wote unakwenda naye. Tena sasa ni kusi, ukiwa barazani au unashuka kwenye tuktuk upepo unautoa wote. Ncha moja ibane kwa pini begani upande wa mtoto, ndani, pini isimkabili.

mama_barani
Shikamoo bibi. Ushungi navaa, na nitautafuta wa voili. Nimekuwa nikivaa ule wa kuteleza.

shela_kwetu
Kuna jambo nataka kuuliza na mimi. Maziwa yakinidondokea kwenye nguo, adhuhuri naswali vipi kazini? Hubadilisha nguo nzima?

bi_mkubwa_mambrui
Maziwa ya mama ni tohara, mwanangu. Si najisi. Swali na nguo yako. Ukitaka kuifuta kwa ajili ya harufu, ifute.

nesi_wa_zamu
Na pedi za kitambaa zisaidie. Pamba mbili tatu zilizoshonwa duara, zibadilishwe zikilowa, kwa joto hili usikae nazo mbichi. Zile zenye nailoni nyuma zinazuia maji kupita lakini zinatoa jasho na ngozi inawasha.

Mama Barani, jambo jingine ambalo si la nguo ila linaigusa nguo. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mwajiri atenge mahali pa kunyonyesha au kukamua, penye maji ya kunawa, kiti, na soketi ya umeme, na akupe muda nje ya mapumziko ya chakula, usiozidi jumla ya saa moja kwa kila saa nane za kazi. Ukiulizia mapema utajua kama utanyonyesha kwenye chumba chenye mlango au nyuma ya kabati. Nguo ya kila mahali haifanani.

mama_barani
Nimeulizia. Wamenipa stoo ya mafaili yenye mlango ila haina kufuli, na soketi iko. Kwa hiyo kujificha bado ni muhimu, mtu huingia bila kubisha. Kuhusu ukanda wa bluu, msimamizi amesema aone blauzi moja kwanza ndipo aruhusu zote. Nampelekea fundi moja tu wiki hii.

zipu_na_uzi
Umefanya vyema. Ukienda kuijaribu, usisimame wima mbele ya kioo tu. Kaa kwenye kiti, nyosha mikono mbele kama unayechapa, kisha inama kama unayeokota kalamu. Zipu ikitengeneza mdomo ukiwa umekaa, ina maana kifua bado kinaivuta na ukanda ni mwembamba. Ikikaa bapa ukiwa umekaa lakini inajikunja ukisimama, tatizo ni zipu yenyewe, imeshonwa kitambaa kikiwa kimevutwa.

mama_barani
Narudi na habari. Blauzi ya kwanza imetoka. Niliijaribu nikiwa nimejaa, makusudi. Vifungo vimelala kimya, hakuna pengo, na mabega yako mahali pake. Fundi alibana zipu kwa pini kwa njia zote mbili na mimi nikiwa na mtoto mkononi. Nimechagua kufungua kwa kupandisha, mwalimu nisamehe. Mtoto alinyonya stoo akiwa ndani ya mtandio na mwenzangu aliyeingia kuchukua faili alidhani nimembeba tu.

Sketi ameitoa mkanda wa zamani, ametia mpana unaokaa juu ya kitovu, mpira nyuma. Kovu halijanisumbua.

Kuna kimoja. Baada ya kuifua, zipu ya kushoto ina mawimbi madogo upande wa chini. Ya kulia iko sawa.

fundi_soko_la_zamani
Upande mmoja tu si kuruka kwa kitambaa, ukanda wote ulilowekwa pamoja. Nadhani utepe wa gundi wa kushoto haukushika mpaka chini, pasi haikukaa. Usiupige pasi ya moto nyumbani, zipu ni nailoni itaharibika. Iweke juu yake kitambaa kibichi, pasi ya wastani, ubonyeze bila kusugua. Mawimbi yakirudi baada ya kufua tena, niletee, nitafumua inchi tatu za chini na kuishona upya.

mama_barani
Nitafanya hivyo. Msimamizi ameiona. Ukanda ameukubali, ila anataka kuuliza makao makuu kama wote wanaonyonyesha wavae hivyo au ni mimi peke yangu. Bado hajanijibu, na blauzi mbili zimebaki kwenye mfuko.

mama_wa_gede
Samahani kuingilia. Mie navaa buibui kazini juu ya nguo, la kufunga mbele mpaka chini. Hiyo zipu ya pembeni inawezekana kwenye buibui? Krepu nyeusi.

fundi_soko_la_zamani
Inawezekana, ila krepu ni laini kuliko pamba na zipu itaivuta chini kwa uzito. Kama linafunguka mbele, huna haja ya zipu kabisa. Toa vifungo vya kawaida kuanzia kifuani hadi kiunoni, weka vile vya kubonyeza vya plastiki, kila inchi tatu, vimefunikwa na pindo. Unafungua viwili vya kifuani, vya juu na vya chini vinabaki. Nguo ya ndani ndiyo iwe na ukanda na zipu, au vesti ya mwalimu. Hakikisha tu mpasuko wa buibui na mpasuko wa ndani viko usawa mmoja, ama sivyo utakuwa unatafuta kwa mkono huku mtoto analia.

mama_wa_gede
Vifungo vya kubonyeza vitahimili upepo wa kusi?

bi_mkubwa_mambrui
Vya plastiki vidogo, hapana, nimeona vikiachia mtu akitembea ufukweni. Chukua vikubwa kidogo, na cha kiunoni kiwe kifungo cha kweli.